Kukagua Zumaridi na Almasi Zilizozibwa Nyufa Kabla ya Kulipa

Hapa Fizi mnunuzi wa dhahabu hutegemea mizani. Kwa jiwe lililochongwa mizani haitoshi. Mtu akikuletea Lweba zumaridi ya Kafubu, Zambia, au almasi ya Mbuji-Mayi iliyokwisha kuchongwa, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Usiruke hata moja.

Katika mwongozo huu, *ufa* ni mpasuko unaofika kwenye uso wa jiwe. Mpasuko uliofungwa kabisa ndani hauzibiki. *Kijazo* ni kitu kilichoingizwa ndani ya ufa ili usionekane.

1. Andaa vifaa: lupu (lenzi ya mkononi) inayokuza mara 10, kibano, tochi ndogo yenye mwanga mweupe, kitambaa laini kikavu, karatasi nyeupe na karatasi nyeusi.

2. Futa jiwe kwa kitambaa kikavu. Usitumie asetoni, spiriti wala maji ya moto, kwa kuwa yanaweza kutoa mafuta ndani ya zumaridi, nawe utakuwa umeharibu mali ya mwenzako. Hakikisha hakuna alama za vidole. Zinafanana na ufa.

3. Elewa unachotafuta. Ufa mtupu umejaa hewa. Kipimo cha kupinda mwanga cha hewa ni 1.00, cha zumaridi ni takriban 1.58. Kwa sababu ya tofauti hiyo kubwa, mwanga unaofika kwenye ufa hurudi nyuma, na ufa huonekana mweupe kama kioo cha kujitazamia. Mafuta ya mwerezi yana takriban 1.51. Yakiingia, mwanga hupita karibu moja kwa moja, na jicho haliuoni ufa. Ufa wenyewe bado upo.

Mafuta huingizwa kwa kuondoa kwanza hewa ndani ya chombo kilichofungwa, kisha jiwe huzamishwa katika mafuta yaliyopashwa moto kidogo. Wengine hutumia utomvu wa viwandani badala ya mafuta. Almasi ina kipimo cha 2.42, kwa hiyo mafuta hayaifai. Kijazo chake ni kioo kilichoyeyushwa chenye madini ya risasi. Njia hii ilianzishwa na Zvi Yehuda wa Israeli katika miaka ya 1980.

4. Kagua almasi juu ya karatasi nyeusi. Ishike kwa kibano, mulika kutoka ubavuni, kisha igeuze polepole sana ukiangalia kwa lupu. Tafuta *mmweko*: rangi moja inayotanda ndani ya ufa, ya chungwa au zambarau, inayobadilika ghafla kuwa bluu au kijani jiwe likiinama kidogo. Mmweko huonekana unapoutazama ufa karibu kwa ukingo wake. Ukiona rangi nyingi za upinde wa mvua kwa pamoja, huku ukiutazama ufa kwa upana wake, huo kwa kawaida ni ufa mtupu. Rudia juu ya karatasi nyeupe. Viputo vya hewa vilivyobanwa ndani ya ufa pia ni dalili ya kijazo.

5. Kagua zumaridi kwa namna hiyohiyo, lakini usitarajie mmweko, kwa kuwa mafuta mara nyingi hayautoi. Tafuta mistari ya ufa inayofika juu, viputo, na madoa ya manjano au meupe pale mafuta yalipokauka. Kutoona kitu hakuthibitishi kwamba jiwe halina kijazo. Zumaridi nyingi sokoni zimetiwa mafuta, na lupu haiwezi kutofautisha mafuta na utomvu. Hiyo ni kazi ya maabara.

6. Muulize muuzaji maswali matatu: Je, lina kijazo? Ni kijazo gani? Ni kingi kiasi gani? Omba hati ya maabara ya vito. Cheti cha Kimberley, kilichoanza 2003, kinahusu almasi ghafi tu; hakisemi lolote kuhusu kijazo.

7. Hesabu bei. Chukua mfano wa zumaridi ya karati 2, inayoombwa dola 400 kwa karati kama jiwe lisilo na mafuta: dola 800. Muuzaji akikiri kwamba lina mafuta mengi, na mkakubaliana dola 150 kwa karati, bei ni dola 300. Zile dola 500 zilikuwa malipo ya usafi ambao jiwe halina. Mafuta hukauka, na moto wa sonara anayetengeneza pete huharibu hata kijazo cha almasi. Siku hiyo ufa hurudi mbele ya mwenye pete. Ndiyo maana maabara ya GIA haitoi daraja la usafi kwa almasi yenye kijazo, na kwa zumaridi hutaja kiwango chake: kidogo, cha wastani au kikubwa.

Kutia mafuta si wizi. Kuficha ndiko kunakomwibia mnunuzi, kwa sababu analipia jiwe la daraja moja na kupokea la daraja jingine.

8. Andika risiti kabla ya kutoa fedha: uzito kwa karati, jina la jiwe, kijazo kilichotajwa na muuzaji, na sharti la kurudishiwa fedha maabara ikisema tofauti. Nyote wawili mtie sahihi. Muuzaji akikataa kuandika mstari wa kijazo, mrudishie jiwe.