Dondoo muhimu: Soma kwanza sehemu ya mpokeaji

Kontena la vipuri vya mgodi wa Kolwezi likishushwa Dar es Salaam, lori haliondoki kuelekea Kasumbalesa mpaka wakala wa meli atoe kibali. Yeye huanza kwa kutazama jina la mpokeaji kwenye hati ya shehena.

Jina likisimama peke yake, hati haihamishiki: mzigo ni wa huyo tu. Likitanguliwa na maneno "kwa amri ya", hati inauzika kwa kutiwa saini nyuma, na anayeishika kihalali ndiye mwenye haki ya mzigo.

Tuseme mfanyabiashara ameagiza pampu China kwa mkopo, na hati ni "kwa amri ya" benki yake. Kwa kawaida hutolewa nakala halisi tatu. Benki huzishika zote mpaka ilipwe, kisha husaini nyuma. Moja ikikabidhiwa kwa wakala wa meli, nyingine mbili hukosa nguvu. Fotokopi haifai kabisa.

Je, kwa hati isiyohamishika kitambulisho kinatosha? Marekani sheria inaruhusu. Lakini mwaka 2005, katika kesi ya meli Rafaela S, majaji wakuu wa Uingereza waliona kuwa hata hati hiyo lazima ionyeshwe.

Kama mzigo umelipiwa wote, mwombe muuzaji arudishe nakala halisi kwa wenye meli kule ulikopakiwa. Wao watamwarifu wakala wa Dar es Salaam autoe bila kusubiri karatasi.