Darsa ya leo: Mzazi anaweza kumnyima mtoto urithi?



Mzee kagombana na mwanawe mkubwa, kaandika wasia: "Huyu asipewe hata senti." Akifa, karatasi ile ifuatwe? Hapana. Fungu la mtoto limewekwa na Mwenyezi Mungu, Suratun Nisaa aya ya 11. Mzazi hana uwezo wa kulifuta.

Tuseme baada ya mazishi na madeni zimebaki shilingi milioni 40, na ameacha mke, wana wawili na binti mmoja. Mke anapata thumuni, milioni 5. Zile 35 zinagawanywa mafungu matano: kila mwana milioni 14, binti 7. Aliyenyimwa naye anachukua 14 zake.

Wasia una mpaka: hauzidi thuluthi, na mrithi hausiiwi mpaka wenzake waridhie. Kumuua mzazi kunamzuia mtoto kurithi, ugomvi haumzuii.

Wengine hukwepa kwa kugawa mali wakiwa hai. Bashir alimpa zawadi mwanawe Nuuman peke yake. Mtume (s.a.w.) alipojua wengine hawakupewa mfano wake, alikataa kuwa shahidi.

Kama unayo karatasi ya namna hii kabatini, ichane leo kabla ya kufuturu.