Hesabu Pumzi Dakika Nzima

Mtoto mwenye nimonia hupumua haraka kwa sababu mapafu yake yamevimba na kujaa majimaji, na kila pumzi humpa hewa pungufu. Basi huongeza idadi ya pumzi ili kufidia. Ndiyo maana mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuishuku nimonia bila picha ya eksirei. Huko Bagamoyo, kaskazini ya Dar es Salaam, miaka ya 1980 wahudumu wa vijijini walifundishwa kuitambua nimonia na kutoa dawa, na vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vikapungua. Kazi ilianza kwa kuangalia mtoto anavyopumua.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miezi 10 ambaye mama yake anauza vitenge Kariakoo. Anakohoa tangu juzi na mwili una joto. Majirani wa meza wanasema ni jua la Dar tu. Mhudumu anafika na kumkuta analia, amebebwa mgongoni, vipaza sauti vya matangazo vinapiga kelele mtaa mzima.

Hapo hahesabu. Anamwambia, "Mama, tukae pale ndani penye kivuli, umnyonyeshe kwanza atulie." Mtoto anayelia au anayenyonya hutoa hesabu isiyo ya kweli. Akiwa amelala, mwacheni alale, hiyo ndiyo nafasi nzuri. Mtoto akishatulia, mama anampandisha fulana hadi kifua na tumbo vionekane. Kelele za soko hazina shida, kwani tunahesabu kwa macho: kifua au tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja.

Saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, au saa ya kuhesabia sekunde kwenye simu, inatosha. Hesabu sekunde zote 60. Wengi huhesabu robo dakika na kuzidisha mara 4, na hapo ndipo makosa hutokea. Mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio mmoja. Hukimbiza pumzi, kisha hutulia kidogo. Mtoto wetu angehesabiwa robo dakika akipata pumzi 11, ingeandikwa 44, na mama angeambiwa hakuna tatizo. Dakika nzima imetoa 52.

Je, 52 ni nyingi? Hilo huamuliwa na umri. Chini ya miezi 2, kupumua ni kwa haraka kuanzia pumzi 60. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni kuanzia 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni kuanzia 40. Kwa hiyo ulizia kadi ya kliniki, usikadirie umri. Pumzi 46 kwa mtoto wa miezi 11 hazijafika kiwango, lakini kwa mwenye miezi 13 zimepita.

Mtoto wetu wa miezi 10 amevuka 50, na anakohoa. Aende kituo cha afya leo hii, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha anayo, maana mtoto anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja. Homa nayo huongeza pumzi kidogo, lakini msikae kusubiri ishuke ndipo mhesabu upya.

Kabla hajaondoka, angalia sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia. Mtoto anapovuta hewa ndani, sehemu hiyo hupaswa kutoka nje. Ikibonyea kuingia ndani kila anapovuta hewa, naye ametulia, mapafu yanamshinda, na wala usingoje hesabu. Vivyo hivyo asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na kuwa mgumu kuamka: huyo apelekwe hospitali sasa hivi. Kichanga wa chini ya miezi 2 yuko hatarini zaidi, kwani huenda asikohoe kabisa. Akifika 60, mhesabu mara ya pili. Zikibaki 60 au zaidi, mpeleke hospitali mara moja.

Kituoni, nimonia isiyo kali kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyushwa katika maji, asubuhi na jioni kwa siku 5. Nawasihi wazazi: msinunue kapsuli chache dukani mkaishia hapo mtoto anapoanza kucheza siku ya pili. Siku ya 3 mtoto arudishwe kituoni ahesabiwe tena. Na akianza kushindwa kunyonya au mbavu zikianza kubonyea kabla ya hapo, arudishwe usiku huohuo.