Kifaransa cha imeili: «il faut que» na «bien que»



Makambi ya kuzunguka Goma yalibomolewa mnamo Februari 2025, na familia zikatawanyika. Mambo tuliyokuwa tukiyasema uso kwa uso kambini, leo tunayaandika kwa imeili, mara nyingi kwa Kifaransa. Tuchukue mfano wa kamati inayouliza kwa nini familia zake hazimo kwenye liste:

«Bien que nous avons les jetons, nos familles ne sont pas sur la liste. Il faut que vous vérifiez.»

Ofisi itaelewa. Lakini kuna makosa mawili, na ya pili inasikika kama amri.

Tuanze na «il faut que». Swahili yetu inatusaidia hapa. Tunasema «inabidi muangalie», hatusemi «inabidi mnaangalia»: kitendo kinageuka, kinaishia kwa -e. Kifaransa pia kinageuza kitendo, na umbo hilo linaitwa subjonktifu. Ili kulipata, chukua kitendo cha «nous», ondoa -ons, kisha kwa «nous» weka -ions, na kwa «vous» weka -iez. «Nous vérifions» inaacha vérifi-, kwa hiyo tunaandika «que vous vérifiiez», na i mbili. Masikio hayasikii tofauti vizuri, ndiyo maana watu wengi wanaikosa katika maandishi.

Kwa «bien que», Swahili inatudanganya. Sisi tunasema «ingawa tuna jeto», bila kugeuza kitendo. Kifaransa kinageuza hata kama jambo ni la kweli kabisa. Vitendo hivi viwili havifuati kanuni ya juu, na inafaa kuvishika kwa kichwa: avoir inatoa «que nous ayons» (bila i baada ya y), na être inatoa «que nous soyons».

Upande wa heshima, andika «il faudrait que» badala ya «il faut que». Subjonktifu inabaki ileile. Sasa imeili yetu inasomeka hivi:

«Bien que nous ayons les jetons, nos familles ne figurent pas sur la liste. Il faudrait que vous vérifiiez les noms ci-joints.»

Ukiwa na mashaka, kwepa: «malgré nos jetons» inafuatwa na jina tu, na «il faudrait vérifier les noms» haihitaji subjonktifu. Na usiigeuze kila mahali: baada ya «parce que» kitendo kinabaki cha kawaida, «parce que nous avons».

Zoezi: jaza «Bien que le comité (être) à Goma» na «Il faudrait que nous (recevoir) une réponse».

Majibu: soit, recevions.