Ngazi za jukwaani kabla ya mnara

Wakimbiaji wengi wakiona ngazi za uwanja wa Sokoine hapa Mbeya huzipanda mbio, wakifika juu wanashika magoti wanahema. Mazoezi hayo yana faida zake, ila si ya kupanda mnara.

Chukua mbio za Empire State kule New York: ghorofa 86, vidato 1,576, kimo cha mita 320 hivi. Mtu anayetaka kumaliza kwa dakika 20 anapanda mita 16 kila dakika. Sasa nenda jukwaani na futi kamba. Pima kimo cha kidato kimoja, zidisha kwa idadi ya vidato. Tuseme kila kimoja ni sentimita 20 na viko 30: hiyo ni mita 6. Kwa mwendo wa dakika 20, mita hizo zinakudai sekunde 22. Ukizimaliza kwa 10, unapanda kwa kasi kuliko Paul Crake, Mwaustralia aliyeweka rekodi ya dakika 9 na sekunde 33 mwaka 2003. Utaweza, kwa sababu ni mita 6 tu.

Kwa hiyo mimi hutembea. Vidato viwili viwili, hatua moja kila sekunde moja na nusu, kiwiliwili kimeinama kidogo, unyayo mzima ukutane na saruji. Ukipandia vidole, mashavu ya miguu yatawaka kabla ya mapaja. Penye reli jivute nayo; mikono huchangia kuliko watu wanavyodhani. Pita kwenye ngazi za njia, si kwenye viti: kimo cha viti ni kikubwa mno, hakifanani na ngazi za jengo lolote.

Tatizo la jukwaa ni kuteremka. Mita 320 hapo ni safari 53 za kupanda, na 53 za kushuka ambazo mnarani hazipo. Kushuka ndiko kunakochana misuli ya paja. Maumivu yenyewe hukolea siku ya pili, na ukishuka kwa kurukaruka magoti nayo yatadai chake. Tena kila ukishuka moyo unapumzika, wakati mnarani haupumziki.

Ndiyo maana jukwaa nalitumia kujifunzia mwendo tu, safari 15 au 20, nikishuka kidato kimoja kimoja. Pumzi ndefu naitafuta mlimani. Mbeya kuna njia ya Loleza. Iringa, baada ya jukwaa la Samora, napenda barabara ya kutoka Ipogolo kupanda mjini: unapanda kwa miguu bila kusimama, unarudi chini kwa daladala, kisha unapanda tena. Konda atakushangaa mara ya kwanza, nauli atapokea.

Masika saruji ikiota ukungu wa kijani, jukwaa liache. Mlimani kunatosha.