Kukaa Juu ya Wimbi la Hamu

Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, aliifananisha hamu na wimbi la bahari. Huinuka, hufika kileleni, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata usipoitii.

Tumchukue mvutaji aliyezoea sigara baada ya chakula cha jioni. Pakiti ameshaiondoa mezani (kukimbia nafasi ya kishawishi bado ni busara), lakini hamu inakuja vilevile. Anaketi na kujiuliza: iko wapi mwilini? Pengine ni mate mdomoni, kifua kubana, vidole kutotulia. Anachagua sehemu moja na kuitazama, pumzi kwa pumzi: inabana zaidi, au imelegea? Hajilaumu, wala haifukuzi.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunageuza kutazama kuwa mieleka, na kila dakika tunachungulia kama hamu imekwisha. Utajitambua kwa meno yaliyokazana na pumzi uliyoizuia. Katika utafiti wa Bowen na Marlatt wa mwaka 2009, wanafunzi wavutaji waliofundishwa mbinu hii hawakuwa na hamu ndogo kuliko wenzao. Hata hivyo, katika siku 7 zilizofuata walivuta sigara pungufu.

Ila mnywaji wa kila siku anayetetemeka mikono asubuhi tusimpe mbinu hii peke yake. Kuacha pombe ghafla kunaweza kumletea kifafa, hivyo aanzie hospitali.