Mwanangu halali mapema na hataki kukaa nasi

SWALI: Kijana wangu wa miaka 15 hulala saa 6 usiku, asubuhi haamki mpaka nigombe. Akitoka shule hujifungia chumbani. Je, ni umri au kuna tatizo? Mama, Morogoro.

JIBU: Mama, usingizi wake haujachelewa kwa ukaidi. Katika balehe, ubongo huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoashiria usiku, kwa saa moja hadi mbili. Ukimwambia alale saa 3, atajigeuzageuza tu. Simu huongeza tatizo, lakini siyo iliyolianzisha.

Hesabu usingizi wake: akilala saa 6 na kuamshwa saa 11 alfajiri, amepata saa 5, ilhali umri wake unahitaji 8 hadi 10. Ndiyo maana Jumamosi hulala mpaka mchana. Mwache afidie kidogo, ila asipitilize saa 2 zaidi ya kawaida, la sivyo Jumapili usiku hatasinzia. Simu ilale sebuleni, na asubuhi apate mwanga wa jua mapema.

Kujifungia nako ni kawaida, mradi bado ana marafiki, anakula na anacheka nao. Anajifunza kujitegemea, hata kama inakuuma.

Kinachonitia wasiwasi ni kijana anayewakimbia hata marafiki, anayeacha mpira alioupenda, ambaye hali wala halali vizuri kwa wiki mbili au zaidi. Huyo mpeleke hospitali. Akitaja kujidhuru au kufa, usisubiri: mpeleke siku hiyohiyo.